Asilimia 45 si ahadi: kwa wanaoanza kuandika habari za utabiri wa msimu

Mkipokea utabiri wa msimu, mtakuta tarakimu tatu. Tuseme eneo lenu limepewa 45, 35, 20: uwezekano wa asilimia 45 kwamba mvua itakuwa juu ya wastani, 35 ya wastani, na 20 chini ya wastani. Mwandishi mgeni huona 45 tu, akaandika "Mvua nyingi zaja". Mkulima naye hununua mbegu ya muda mrefu, na asilimia 55 iliyobaki haikumfikia kabisa.

Kwanza jueni makundi hayo yametoka wapi. Huchukuliwa kumbukumbu za mvua za msimu huohuo, kwa kawaida za miaka 30, zikapangwa kuanzia mwaka mkavu kuliko yote hadi wenye mvua nyingi kuliko yote, kisha zikagawanywa mafungu matatu sawa. Kwa hiyo hata bila utabiri wowote, kila fungu lina takriban asilimia 33. Utabiri wetu umeshusha hatari ya mvua za chini ya wastani kutoka msimu mmoja kati ya mitatu hadi mmoja kati ya mitano. Ni nafuu, lakini ukame bado upo mezani.

Mkutanoni mimi huacha asilimia na kutumia punje 20 za maharage mfukoni: 9 nyeusi kwa mvua za juu ya wastani, 7 nyekundu kwa za wastani, 4 nyeupe kwa za chini. Kila mtu achomoe moja bila kuangalia, aseme angepanda nini, kisha airudishe. Punje nyeupe ikitoka, watu huguna, na hapo ndipo maswali mazuri huanza: nigawe shamba? Sehemu nyingine nipande mtama? Gazetini au redioni andikeni hivyohivyo: "Katika misimu 20 yenye dalili kama hizi, tutegemee takriban 9 yenye mvua za juu ya wastani, 7 ya wastani na 4 ya chini ya wastani." Msiifupishe kuwa "wastani hadi juu ya wastani", ile minne ndiyo inayomwachia mtu ghala tupu.

Jambo jingine: tarakimu hizo zinahusu jumla ya mvua ya msimu mzima, katika eneo pana. Hazisemi itaanza lini wala itagawanyikaje. Msimu unaweza kuishia juu ya wastani huku mahindi yamekauka kwa wiki tatu za jua yalipokuwa yakichanua. Hilo liwe kwenye aya ya pili, si mwishoni, pamoja na tarehe ya taarifa ijayo ya siku 10.

Msimu ukiisha, wahariri watawauliza kama utabiri ulipatia. Msimu mmoja haujibu swali hilo. Wekeni daftari: kila mara tuliposema 45, mvua iliangukia fungu lipi? Baada ya misimu mingi, ikiwa ni karibu mara 45 kati ya 100, tarakimu zinaaminika. Ikiwa ni 30, waulizeni watabiri.