Umesaini kandarasi, lakini kazi ni ya mwajiriwa: NSSF, SHA na PAYE ni za nani?

"Wakuu, niko kampuni ya klearing hapa Mombasa. Nalipwa 60,000 kwa mwezi, wanakata 5% tu, NSSF na SHA hakuna. Wanasema mimi ni mwanakandarasi kwa sababu nilisaini hivyo. Ni sawa?"

Ndugu yangu, sahihi peke yake haitoshi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hutazama kazi inavyofanyika. Mimi huandaa mishahara ya ofisi kadhaa hapa mjini, na huanza kwa kuuliza nani anamwamuru nani. Kama unasaini daftari la mahudhurio saa mbili asubuhi, unatumia kompyuta yao, unaomba ruhusa kwenda mazishini Malindi, na mwisho wa mwezi pesa ni zile zile meli ziwe nyingi au chache, wewe ni mwajiriwa. Mwanakandarasi hupanga bei yake, ana wateja wengine, huweza kumtuma mtu amfanyie, na kazi ikiharibika hasara ni yake.

Sasa tazama hizo 60,000. Wakikata 5% unapokea 57,000, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Ile 3,000 ni malipo ya awali tu, si kodi yote. Kama huna gharama wala makato ya kupunguza mapato, kodi yako ya mwaka ni kama 124,600. Wao wameshakata 36,000, kwa hiyo KRA inakudai 88,600 hivi, na SHA bado unajilipia mwenyewe.

Ukiwa mwajiriwa, kila mwezi unakatwa NSSF 3,600, SHA 1,650 na ushuru wa nyumba 900. Hayo hutolewa kabla ya kukokotoa PAYE, ambayo inabaki kama 8,538. Unaondoka na 45,312. Inauma kuiona, lakini hudaiwi kitu mwisho wa mwaka.

Mwajiri naye huongeza kutoka mfukoni mwake NSSF 3,600, ushuru wa nyumba 900 na 50 ya NITA, ile tozo ya mafunzo ya wafanyakazi. Jumla ni 4,550 ambazo kwa sasa hazilipi. Kwenye SHA usimdai nusu, maana ile 2.75% yote hutoka kwa mfanyakazi; kazi yake ni kuikata na kuipeleka. Na KRA ikigundua kwamba ulikuwa mwajiriwa, PAYE ambayo hakuikata itadaiwa kwake, pamoja na adhabu na riba. Mkumbushe hilo kwa upole, kwa maandishi. Nimeona ofisi zikibadilisha kandarasi baada ya barua moja tu.

Wakikataa, nenda ofisi ya leba. Weka picha za daftari la mahudhurio, jumbe za WhatsApp za bosi akikupangia zamu, na taarifa za benki. Dai la ajira lina muda wa miaka 3, kwa hiyo anza kukusanya sasa ukiwa bado una funguo za ofisi.