Insha ya kwa nini raia anaitii dola: shika wazo la ridhaa, ulipime kwa watu wa Katumba

Kwenye semina za nadharia ya siasa ninazofundisha, swali hili halikosekani: kwa nini raia awajibike kuitii dola? Jadili kwa kutumia nadharia ya mkataba wa kijamii, yaani ile inayosema mamlaka ya dola yanatokana na makubaliano ya watu wenyewe. Insha nyingi zinazoletwa zina umbo lilelile. Wanafalsafa wa mkataba wanapangwa kwa zamu: Hobbes anapewa ukurasa, Locke ukurasa, Rousseau ukurasa, kisha hitimisho linasema wote watatu wametoa mchango mkubwa. Taarifa zimo, hoja haimo. Ukimuuliza mwandishi, "Sasa wewe unasemaje, jirani yako anawajibika kutii au hawajibiki?", anakwama, kwa sababu insha yake haikuwahi kufika hapo.

Ninachowashauri wanafunzi wangu ni kuchukua wazo moja tu, la ridhaa, na kulibana mpaka lionyeshe nguvu yake na mwisho wake, kisha kulipima kwa wakimbizi wa Burundi waliopewa uraia wa Tanzania wakiwa kwenye makazi kama Katumba. Hobbes na wengine waitwe pale kazi inapowahitaji.

Kabla ya hapo, tenga maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Mtu analipa kodi kwa kuogopa faini, au kwa mazoea, au kwa sababu kila mtu analipa. Hayo yanaeleza kwa nini anatii. Hayaelezi kwa nini anapaswa kutii hata siku ambayo hakuna wa kumkamata. Nadharia ya mkataba inashughulika na hili la pili. Ukiona aya yako imejaa polisi, mahakama na magereza, ujue umeteleza ukaingia swali la kwanza.

Sasa twende kwa Locke mwenyewe. Hoja yake ya msingi ni kwamba watu huzaliwa huru na sawa, hivyo hakuna anayeweza kuwekwa chini ya mamlaka ya mwingine bila kuridhia mwenyewe. Tatizo linajitokeza papo hapo: wengi wetu hatujawahi kuulizwa. Locke analijua hilo, na katika kitabu chake cha pili kuhusu serikali, kilichotoka mwishoni mwa 1689, anajibu kwamba kuna ridhaa ya wazi na ridhaa ya kimyakimya. Kwenye kifungu cha 119 anasema anayemiliki ardhi ndani ya nchi, au aliyepanga chumba kwa wiki moja tu, au hata anayepita tu barabarani kwa uhuru, amekwisha kuridhia sheria za nchi hiyo kwa kipindi chote anachofaidi.

Wanafunzi wengi huishia hapo, na mimi naona ndipo kazi inapoanzia. Soma vifungu vitatu vinavyofuata. Cha 121 kinasema aliyeridhia kimyakimya anaweza kuuza mali yake, akaondoka, na wajibu wake ukaisha. Cha 122 kinaongeza kwamba kuishi kwa amani chini ya sheria za nchi hakumfanyi mtu kuwa mwanachama wa jamii hiyo. Kinachomfanya mwanachama ni ahadi ya wazi. Kwa hiyo mfanyabiashara mgeni aliyepanga Kariakoo na raia aliyezaliwa Ilala ambaye hajaapa popote, kwa Locke, wamefungwa kwa kamba ileile. Huu ni ugumu uliomo ndani ya nadharia yenyewe, na ukiuonyesha kwa vifungu, msahihishaji ataona umeisoma.

Shambulio maarufu zaidi dhidi ya ridhaa ya kimyakimya linatoka kwa mwanafalsafa David Hume, mwaka 1748. Anauliza kama kweli fundi au mkulima maskini yuko huru kuihama nchi yake, wakati hajui lugha nyingine wala desturi za kwingine, na anaishi kwa ujira mdogo wa siku hadi siku. Kusema ameridhia kwa kubaki, anasema Hume, ni sawa na kusema mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini ameridhia mamlaka ya nahodha, ilhali akitoka humo anazama baharini. Usiunukuu mfano huu kama pambo. Sema unaathiri sehemu gani ya hoja: kubaki kunahesabika kuwa ridhaa pale tu kuondoka kunapowezekana.

Hapo ndipo ninawaelekeza wanafunzi kwa John Simmons, mwanafalsafa wa Marekani, ambaye mwaka 1979 aliweka masharti ya ukimya kuhesabika kuwa ridhaa. Fikiria kikao. Mwenyekiti anasema kikao kijacho kitahamishiwa siku nyingine, kisha anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kimya. Hapa kweli watu wameridhia, na sababu zinaonekana: kila mmoja anajua ameulizwa, muda wa kupinga upo na mwisho wake unajulikana, kupinga ni rahisi, na anayepinga hapati hasara kubwa. Sasa peleka masharti hayo kwenye maisha ya raia. Aliulizwa lini? Muda wa kupinga ulifungwa lini? Akikataa anafanya nini, aende wapi? Hata sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu kuukana uraia hivi hivi. Lazima uwe na nchi nyingine unayoingia. Wapo wanaojibu kwamba kupiga kura ndiko kuridhia. Waulize kama asiyepiga kura amesamehewa sheria. Kama hajasamehewa, basi kura sicho kinachomfunga.

Mpaka hapa insha nyingi nzuri huhitimisha kwamba ridhaa imeshindwa. Mimi nasema subiri. Tafuta kwanza mahali ambapo watu waliulizwa kweli, wakajibu kweli, uone nadharia inafanyaje kazi mahali panapoifaa. Sisi tunao mfano huo.

Mwaka 1972, mauaji nchini Burundi yaliwafukuza watu wengi hadi Tanzania, wakapangwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2007 wakapewa chaguo: kusaidiwa kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi wao kufikia hapo walikuwa wamezaliwa huku huku. Walio wengi wakachagua kubaki, na zaidi ya watu 160,000 wakakubaliwa uraia. Ilibidi waukane uraia wa Burundi, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Vyeti vyenyewe vilichelewa. Wengi walivipata kuanzia mwishoni mwa 2014.

Pima kwa masharti ya Simmons. Waliulizwa, tena mmoja mmoja, kwa fomu. Walijua wanachoulizwa. Muda ulikuwepo. Na sheria inamtaka anayepewa uraia kwa njia hii aape kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano, yaani ile ahadi ya wazi ya kifungu cha 122. Linabaki sharti la mwisho: je, anayekataa alikuwa na pa kwenda pasipo hasara kubwa? Hapa ni pagumu. Kwa mtu aliyezaliwa Mishamo, "kurudi" Burundi kulikuwa kwenda nchi ambayo hajawahi kuiona, ambako shamba la baba yake huenda lilikuwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana hapa namwita Hobbes, na mwanafunzi anayemleta hapa badala ya kwenye utangulizi ananifurahisha sana. Kwa Hobbes, mwaka 1651, ahadi iliyotolewa kwa hofu inafunga. Katika hali isiyo na serikali, aliyeahidi kumlipa adui ili asiuawe anawajibika kulipa. Locke anakataa: kwenye kifungu cha 176 anasema mwizi akivunja nyumba yangu, akaniwekea kisu kooni ili nisaini hati ya mali yangu, hati hiyo haimpi haki yoyote. Insha ya juujuu itaandika kwamba wawili hawa wanatofautiana, basi. Ya maana itauliza: mtu wa Katumba anafanana na yule aliyewekewa kisu?

Mimi naona hafanani, na sababu ni hii. Kwenye mfano wa Locke, aliyeshika kisu ndiye anayepokea ahadi. Tanzania haikusababisha yaliyotokea Burundi mwaka 1972. Chaguo lilikuwa gumu kwa sababu ya historia, si kwa sababu aliyepokea kiapo alitishia ili akipate. Mgonjwa anayekubali upasuaji kwa kuwa njia nyingine ni kifo bado amekubali. Hata hivyo kuna upande mwingine ambao mwandishi mwaminifu hawezi kuuruka: awali waliambiwa wangehamishwa kutoka kwenye makazi hayo na kusambazwa mikoa mingine, sharti ambalo baadaye liliachwa, na wakati wa kungoja vyeti walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa kwao. Katika kipindi hicho aliyeomba ahadi ndiye pia aliyeshikilia hatima yao. Unaweza kuhitimisha kwamba ridhaa ilikuwepo lakini ilitolewa chini ya uzito usio sawa. Hitimisho la namna hiyo lina thamani kuliko "ndiyo" au "hapana" tupu.

Kisha fuata matokeo hadi mwisho. Kama ridhaa ndiyo msingi wa wajibu, aliyeapa Katumba anawajibika kwa dola kuliko jirani yake wa Mpanda ambaye mababu zake wote wamezikwa hapo, lakini hajaapa kamwe. Wengi wakifika hapa hushtuka na kufuta aya. Usiifute. Una njia mbili. Simmons anayakubali matokeo hayo: raia wengi hawana wajibu maalumu wa kuitii dola yao, ingawa bado wana sababu nyingine za kutoua na kutoiba. Njia ya pili ni kutafuta msingi mwingine kwa ajili ya yule wa Mpanda, kwa mfano wajibu wa asili wa kuunga mkono taasisi za haki ambao mwanafalsafa John Rawls aliueleza mwaka 1971, na ambao hauhitaji mtu kuridhia chochote.

Sentensi yako ya msimamo iandike ukiwa umefika hapa, si kabla. Moja niliyowahi kuipa alama za juu ilisema hivi kwa ufupi: ridhaa inaeleza wajibu wa raia wa kuandikishwa, haielezi wa raia wa kuzaliwa, na kwa huyu wa pili tunahitaji wajibu wa haki. Ni sentensi inayoweza kupingwa, na hicho ndicho ninachokitafuta.

Ukiifuata njia ya Rawls, tenga aya nzima kwa pingamizi moja utakaloulizwa. Kama nina wajibu wa kuunga mkono taasisi za haki, kwa nini za Tanzania na si za Botswana, iwapo zote ni za haki? Rawls anajibu kwamba ni zile zilizopo na zinazotuhusu. Mpinzani atauliza nini kinazifanya zinihusu: ni kuzaliwa tu ndani ya mpaka? Kwa mtu wa Katumba jibu lipo, ni kiapo alichokula. Kwa mtu wa Mpanda itabidi ulijenge wewe, na aya hiyo ndiyo ninayoisoma kwanza ninaposahihisha.