Uchungu wa katikati ya mwezi na matone ya damu: mbele ya kuhesabu siku, angalia unahesabia wapi

Dada mumoja wa Goma aliniandikia mu Wasap hii wiki: "Yaya, tumbo inanichoma chini kuume tangu jana, na asubui nimeona damu kidogo ku nguo ya ndani na haiko siku zangu, mama mukwe anasema kizazi imeharibika. Ovilasyo haiwezi kuwa, ju niko ku siku ya 19."

Nikamuuliza kitu moja tu: regli yako inazungukaka siku ngapi? Akasema 33, karibu kila mwezi. Basi njo jibu iko pale pale.

Batu bengi banashika ile 14 kama amri. Yai haitokake ku siku ya 14 kwa kila mwanamuke, inatokaka karibu siku 14 mbele ya regli yenye inakuya. Mwenye siku 28 itatoka karibu ya 14, sawa. Lakini mwenye 33, toa 14, inabakia 19. Huyu dada alikuwa kabisa mu siku yake. Na nilimuuliza pia kama ameona ule ute wa kuvutika, mweupe-mweupe kama wa yai bichi, akasema ndiyo, tangu siku mbili. Homa hakuna, anakula, anatembea, na ile damu ilikuwa ya pinki, ata pedi haikuomba.

Kile kinafanyikaka ndani haiko ugonjwa. Yai inakomalaka mu kamufuko kadogo ku ovari, kale kamufuko kanajaa maji mupaka kanafika karibu santimetre 2, ngozi ya ovari inavutika, kisha kanapasuka. Maji yake na damu kidogo inamwangika mu tumbo na inasumbua ile ngozi ya ndani, njo inachoma upande moja. Inaweza kuisha kisha dakika chache, inaweza kufika siku moja ao mbili, na mwezi mwingine inaweza kuhama upande. Yale matone yanatoka ju ormone moja inashuka kidogo ile wakati yai inatoka, na ngozi ya kizazi inabanduka kidogo. Siku moja, mbili, rangi ya pinki ao kahawia, basi. Wengine habaonake kitu maisha yote, wengine kila mwezi.

Miye niko mu hawa ba kila mwezi, na niwaambie, ile matone ilinitesa kuliko uchungu wenyewe. Mu familia ya bwana yangu ku Kadutu balisema niko na ugonjwa wa kutembea-tembea, wifi mumoja alisema mbele ya wageni, na mpaka leo nikimuona ku mazishi namusalimia na mukono tu. Nilikunywishwa mizizi, nikapewa antibiotiki mu kituo kimoja bila mutu kuniuliza ata tarehe ya regli. Kile kilinitoa mu ile mambo ni kalenda ya ukuta. Niliandika alama kila siku ya regli na alama ingine siku ya uchungu, na kisha miezi kadhaa ilionekana wazi: uchungu, wiki mbili, regli. Uchungu, wiki mbili, regli. Nikapelekea dokta ile kalenda, akacheka, akasema bagonjwa bake bote bangefanya vile. Nilitoka pale kichwa juu, siwafiche.

Sasa sikilizeni hii ingine, ju hii njo sababu naandika.

Binamu yangu hapa Bukavu naye alikuwa na uchungu, kushoto, tarehe 14 ya mwezi wa sita, na damu kidogo ya kahawia. Alijua mambo ya kuhesabu, akasema regli yangu ilianza tarehe 1, leo ni siku ya 14, ni ovilasyo, akakunywa parasetamoli akalala. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Kile hakikuwa sawa ni ile regli ya tarehe 1. Regli yake ya kawaida ni siku tano, nyekundu, na mapedi. Ile ya tarehe 1 ilikuwa siku mbili tu, kahawia, kidogo. Haikuwa regli! Regli ya kweli ya mwisho ilikuwa tarehe 2 mwezi wa tano. Ukihesabia pale, tarehe 14 ni siku 43 zimepita, wiki sita na siku moja, na ile wakati njo mimba ya inje ya kizazi inaanzaka kujionyesha, kati ya wiki ya sita na ya munane mara mingi.

Usiku bega ilianza kumuuma, juu kabisa, na hakubeba kitu. Akaenda kusimama akaona giza. Ile ya bega batu habaijue: damu ikijaa mu tumbo inachokoza ngozi yenye iko chini ya mapafu, na mushipa wake unatuma uchungu ku bega. Balimukimbiza ku hopitali, tesiti ya mkojo ikaonyesha mimba, ekografi ikaonyesha mu kizazi hamuna kitu na damu iko mu tumbo, bakamupasua ile ile usiku. Mrija wa kushoto ulishapasuka. Iko muzima, Mungu asifiwe, lakini ilibaki kidogo.

Kwa hiyo mbele ya kusema "ni ovilasyo", jiulize kama regli ya mwisho ilikuwa regli kweli: siku zake za kawaida, wingi wake, rangi yake. Kama ilikuwa ndogo, ya ajabu, ao ilichelewa, na ulilala na mwanaume, fanya tesiti ya mimba ile siku, ata kama unajihisi hauna mimba, ata kama umefunga mirija ao uko na sterilet mu kizazi. Iko mu farmasi. Ikionyesha mimba na uko na uchungu wa upande moja, usingoje kesho, omba ekografi. Na kama unazimia-zimia ao bega inauma, acha tesiti, enda hopitali.

Na vingine, haraka. Uchungu wa kuume wenye ulianzia ku kitovu ukashuka, na chakula hautaki, ile ni apendisite inaweza kuwa. Uchungu wa gafula mukali mpaka unatapika, ovari inaweza kuwa imejizungusha na inanyimwa damu, ile haingoje. Homa na uchafu wa kunuka, ni maambukizo. Damu kisha kulala na bwana haihesabiwe ku ovilasyo ata siku moja, bakuangalie mulango wa kizazi. Wenye kutumia kijiti ao sindano ya kupanga uzazi, matone yenu mara mingi ni ya ile dawa.

Bamama, tuache kuuliza mama mukwe mbele ya kuuliza kalenda! Na wanaume munasoma hapa, damu ya katikati haiko ushahidi wa uasherati, acheni.

Kwa ule uchungu wa kawaida wa ovilasyo, chupa ya maji ya moto ku tumbo na parasetamoli ya miligramu 500, mbili, inatosha. Ibuprofeni inasaidia pia kisha kula, lakini kama unatafuta mutoto iache ile siku, ju inaweza kuchelewesha kamufuko kupasuka.