Vitabu vya mashine: maswali yenu wiki hii

Si Amazon wana sheria lazima mwandishi aseme kama ametumia akili mnemba? Mbona sioni imeandikwa popote? (Msomaji, Kisauni)

Sheria ipo, tangu Septemba 2023, lakini anayeambiwa ni Amazon si wewe. Mtu akipandisha kitabu kwa KDP, ule upande wao wa kujichapishia, anaulizwa kama maandishi, picha ama tafsiri imetolewa na akili mnemba. Anajibu ndiyo au hapana, jibu linabaki huko ndani, ukurasa wa kuuzia hauonyeshi kitu. Na mtu wa kufyatua vitabu akisema hapana nani atamshika? Mwezi huohuo waliweka pia kikomo, vitabu vipya 3 kwa siku kwa akaunti. Hebu fikiria, 3 kwa siku ndo kilikuwa kikomo, kuna binadamu gani anaandika hivo?

Nimenunua kitabu cha mapishi ya Pwani kwa simu, pilau yaambiwa itiwe manjano na krimu! Ningejuaje kabla sijalipa? (Mama Salma, Mji wa Kale)

Pole mama, hiyo krimu imenichekesha lakini pesa ni pesa. Kabla ya kulipa bonyeza kwanza jina la mwandishi uone vitabu vyake vingine na tarehe zake. Ukikuta mtu mmoja ndani ya mwezi ametoa mapishi ya Pwani, dayati ya sukari, ufugaji wa samaki na hadithi za watoto, toka hapo.

Kisha fungua sampuli, ni bure, usisome utangulizi manake utangulizi wa mashine huwa mtamu kuliko wote, ruka uende kwa pishi moja unalolijua wewe mwenyewe. Kwa pilau tafuta vile vitu ambavyo aliyepika hawezi kuviacha, kitunguu kikaangwe mpaka rangi gani, bizari nzima ama ya kusaga, maji kiasi gani kwa kilo ya mchele, wakati gani unafunika na kutia makaa juu. Kitabu cha mashine hapo huteleza, kinakwambia "viungo vya kiasi" na "pika hadi viive vizuri", halafu pishi linalofuata lina maneno yaleyale ila nyama imekuwa kuku.

Jina kubwa pekee lisikutulize. Agosti 2023 mwandishi wa Marekani Jane Friedman alikuta vitabu ambavyo hakuviandika vinauzwa kwa jina lake, na mwanzo Amazon wakamuuliza kama jina hilo amelisajili kama alama ya biashara. Vilitolewa baada ya yeye kupiga kelele hadharani.

Na mambo ya dawa, mimea na uyoga kuwa mkali zaidi. Mwezi huohuo chama cha wataalamu wa uyoga cha New York kilionya watu kuhusu vitabu vya kuchuma uyoga vinavyoonekana vimetolewa na mashine, manake pilau mbaya unamwaga, lakini uyoga wa sumu ushaumeza.

Kama ni cha Kindle na ulikinunua juzi, angalia oda zako, kuna siku 7 za kurudisha, ila ukishasoma zaidi ya asilimia 10 huwezi kujirudishia mwenyewe, itabidi uwaandikie.

Riwaya nimeandika mwenyewe, akili mnemba imenirekebishia sarufi tu na kunitengenezea picha ya jalada. Nijibu nini? (Msomaji, Likoni)

Kwa maandishi, hapana. KDP wanasema kama umeandika mwenyewe na chombo kimekusaidia kusahihisha au kukupa mawazo, huna haja ya kusema. Kwa picha, ndiyo, jalada linahesabiwa. Wengi huteleza kwa jambo moja: ukiiachia mashine iandike sura halafu wewe ukaibadilisha sana, kwao bado hiyo ni kazi ya mashine. Vilevile tafsiri, ukiipa riwaya yako ikutolee Kiingereza basi useme.

Si kuna programu za kupima, unabandika ukurasa zinakwambia ni mashine au mtu? (Msomaji, Changamwe)

Zipo, mimi sizitegemei. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa ya kwao, ikatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwasingizia watu asilimia 9, Julai 2023 wakaifunga. Tena mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha programu hizi huwaonea zaidi wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili, na hao ndo sisi. Kwa hivo usimwandikie mtu rivyu ya kumwita mwizi kwa sababu ya namba ya programu. Andika ukurasa wa ngapi una kosa gani, "ukurasa wa 14 pilau ina krimu", anayetaka kununua ataelewa.