Inveta ya ofisi ya nyumbani: anza na wati, jina la kampuni lifuate

Wengi wanaotaka kuweka inveta huanza kwa kuuliza, "Ipi nzuri, Luminous au Victron?" Mimi nafanyia kazi nyumbani, hapa Chumbageni, Tanga, na swali hilo naliweka la pili. La kwanza ni hili: umeme ukikatika, vitu utakavyoendelea kuvitumia vinakula wati ngapi?

Geuza chaja ya laptopu uisome. Upande wa kuingiza umeme pameandikwa volti 100 hadi 240, ampea 1.5. Ukizidisha 230 kwa 1.5 utapata wati 345, na kwa hesabu hiyo utauziwa mashine kubwa bure. Ampea hizo ni kikomo, na hufikiwa pale umeme unapokuwa mdogo, karibu na volti 100. Soma upande wa kutoa: volti 20, ampea 3.25. Hapo ni wati 65, na betri ya laptopu ikishajaa zinashuka.

Mezani kwangu hesabu inakwenda hivi: laptopu 65, skrini 25, ruta 10, taa 10, feni 55. Jumla wati 165. Feni lazima iwemo. Kwa joto la Tanga la mwezi wa pili, bila feni hakuna kazi itakayofanyika mchana.

Printa ya leza nimeiacha nje ya hesabu kwa makusudi. Inapopasha roli linaloyeyushia wino kwenye karatasi, huvuta wati mia kadhaa kwa ghafla, nyingine hupita 1,000. Inveta ndogo hapo hupiga kelele na kujizima, na ruta inazimika nayo ukiwa katikati ya kikao. Printa hiyo ichomeke kwenye soketi ya kawaida isiyopita kwenye inveta. Kama ni lazima uchape giza likiwa limeingia, tafuta ya wino wa maji, hiyo haifiki hata wati 50.

Sasa tuje kwenye majina. Luminous Eco Watt Neo 1050 ina namba inayopotosha: uwezo wake ni VA 900, sawa na wati 756. Kwa wati zangu 165 inatosha na kubaki. Kasoro yake ni kwamba Eco Watt hutoa umeme wa mawimbi ya mraba, na feni ikipata umeme huo huunguruma na mota yake hupata moto. Ndugu yake, Eco Volt, hutoa mawimbi laini kama ya umeme wa ukutani. Mwenye feni achukue Eco Volt, hata kama bei imepanda kidogo.

Victron MultiPlus 12/800/35 nayo hutoa mawimbi laini, na kampuni inasema wazi kwamba joto hupunguza nguvu: wati 700 chumba kikiwa na nyuzi 25, wati 650 kikiwa na nyuzi 40. Chaja yake unaweza kuipangia volti zinazofaa betri ya lithiamu. Ni ghali, na kwa meza kama yangu naiona ina maana pale tu unapokusudia lithiamu tangu mwanzo.

Kwa mpangaji asiyetaka kugusa nyaya za mwenye nyumba, ningependekeza EcoFlow River 2 Pro. Inveta na betri vimo ndani ya boksi moja, wati 800, na akiba ya wati-saa 768. Ila huwezi kuiongezea betri baadaye.

Saa utakazopata zinatoka kwenye betri, si kwenye inveta. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu, yaani 600. Inveta nayo hupoteza kama asilimia 15, zinabaki 510. Gawa kwa 165: saa tatu. Lithiamu ya ukubwa huohuo hukubali kutumika hadi asilimia 90, kwa hiyo unakaribia saa sita. River 2 Pro itakupa karibu saa nne.

Betri ya asidi iweke mahali penye hewa na kivuli, si store yenye paa la bati. Kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Hapa kwetu, hilo peke yake linapunguza unafuu wa bei yake.

Ukishafunga Luminous, angalia swichi yake yenye maneno UPS na ECO. Kwenye UPS huhamia betri haraka umeme ukikatika, kompyuta ya mezani haijizimi. Lakini umeme wa mtaani ukishuka chini ya volti 180, hukimbilia betri, na betri inaisha wakati taa za jirani zinawaka. Kama mtaa wako una umeme mdogo jioni na unatumia laptopu, weka ECO, inayovumilia umeme mdogo zaidi ila huchelewa kidogo kuhamia betri: laptopu ina betri yake, haitahisi kuchelewa huko.