Ukimuomba mwalimu wa ushonaji akudhamini intanshipu, muandae kwa simu atakayopigiwa

Wadogo zangu mliomaliza ushonaji na ubunifu wa mavazi huku kwetu Mtwara, naona wengi mnahangaika na intanshipu za Dar na kila tangazo linataka wadhamini, na mmoja wao awe mwalimu aliyekufundisha. Nimeonyeshwa barua kadhaa mnazowatumia hao walimu na karibu zote ni moja, "Shikamoo mwalimu, naomba uniandikie rekomendesheni nzuri, natanguliza shukrani". Basi. Sasa hapo mwalimu ataandika nini jamani? Toka uondoke ameshapokea darasa jingine na jingine, na nusu ya darasa ni akina Zuhura.

Halafu kuna kitu wengi hamkijui, karakana za mavazi mara nyingi haziishii kwenye barua, zinapiga simu. Nilipokuwa intanshipu kwenye karakana moja Dar nilikuwepo siku bosi anampigia mwalimu wa mwombaji mwingine, kaweka spika huku anapiga pasi. Hakuuliza habari za bidii wala nini. Aliuliza huyu binti anakata mwenyewe au anashonea vilivyokatwa, ameshakalia cherehani ya kiwandani au ni hizi za kukanyaga tu, na akiletewa kitambaa cha mteja kikawa kidogo anafanyaje. Mwalimu wa watu akawa anajibu "ni mtoto mzuri, ana nidhamu sana", anaulizwa tena anajibu hivyohivyo, bosi akashukuru akakata simu akasema huyu hamkumbuki. Yule binti inawezekana alikuwa fundi kuliko sisi wote tuliokuwa mle ndani.

Kwahiyo barua yako kwa mwalimu kazi yake ni hiyo, simu ikiita awe na cha kusema. (Na usiichanganye na barua ya utambulisho, ile inatoka ofisi ya chuo na inasema tu kwamba ulisoma pale, haisemi unashonaje.)

Yangu ilikuwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Natumaini wewe na familia hamjambo. Ni mimi niliyemaliza levo ya pili, nilikuwa nakalia cherehani ya dirishani karibu na ovaloki. Labda utanikumbuka zaidi kwa lile gauni la kitenge cha maua makubwa, uliligeuza ndani nje ukawaonyesha wenzangu ua linavyopita kwenye zipu ya mgongoni bila kukatika.

Mwalimu, naomba intanshipu ya miezi mitatu kwenye karakana ya nguo za harusi Dar. Wanataka mtu anayekata kwa patani na anayejua kumalizia kwa mkono. Naomba uwe mdhamini wangu kama utaridhia, na kama ni ndiyo naomba pia ruhusa ya kuandika namba yako kwenye fomu, maana wanaweza kukupigia.

Ulivyoniona navyo kwa macho yako ni hivi: patani ya lile gauni nilichora mwenyewe kwa vipimo vya mteja, nikashona kwanza sampuli ya marekani, akajaribu, ndipo nikakata kitenge. Ovaloki nimeitumia muda wote wa levo ya pili. Cherehani ya kiwandani sijaikalia sana na koti lenye bitana sijawahi kushona, wakikuuliza hayo waambie hivyohivyo.

Barua iwafikie kwa imeili kabla ya Ijumaa tarehe 20, na wanataka itoke kwako moja kwa moja, isipitie kwangu. Nimekuwekea tangazo lao, CV na picha tatu. Kama umebanwa, au unaona kuna mwalimu mwingine anaijua kazi yangu zaidi, niambie tu Mwalimu, nitaelewa. Nitakupigia Jumatano jioni ukiwa umetulia."

Sasa mnaniuliza kwanini niling'ang'ania ua la kitenge. Nyie mnaoshona mnajua. Zipu ikikaa mgongoni kipande cha nyuma kinakuwa viwili, na ukikunja kitenge cha maua makubwa ukakata vyote kwa mpigo, siku ya kufunga zipu unakuta ua limebaki nusu huku na nusu nyingine iko kiunoni. Inabidi ukate kimoja, ukitandaze juu ya kitambaa kilichobaki, ulinganishe maua ndipo ukate cha pili, na unalinganisha pale mshono utakapopita, sio kwenye ukingo wa kitambaa, kwasababu ile nafasi ya mshono inamezwa ndani. Tena inakula kitambaa, ua likiwa kubwa unaweza kusogea chini urefu wa ua zima ndipo yakutane, ndio maana unapiga hesabu kabla hujamwambia mteja anunue yadi ngapi. Mwalimu akikumbuka hilo gauni moja tu, maswali ya bosi yote matatu ana pa kuanzia, hata lile la kitambaa kidogo. Wewe tafuta la kwako, inaweza kuwa kola ya shati au pindo la shela, ili mradi ni kitu alichokishika yeye mwenyewe.

Na hiyo ya kutaja usichokijua msiione ujinga. Mwalimu akisema "koti hajashona, ila gauni mwachie", huyo bosi anamuamini kwa yote mawili. Akisema unaweza kila kitu, ukipewa koti wiki ya kwanza ni aibu yako na yake.

Picha usitume albamu nzima. Moja nguo ikiwa imevaliwa, moja ndani ya nguo, moja patani ikiwa mezani na vipimo vinasomeka. Ya ndani ndiyo muhimu, maana nje pasi inaficha mengi, mwalimu yeyote wa ushonaji akishika nguo anaigeuza kwanza. Wasap zitume kama dokyumenti, ukituma kawaida inazibana na mishono haionekani vizuri.

Kuna walimu watakwambia "andika mwenyewe uniletee nisaini". Mimi siupendi huo utaratibu ila upo, na kumgomea mwalimu ni kazi. Ukiambiwa hivyo muandikie yale aliyoyaona tu, nguo gani, ulifanya nini, mashine gani, sifa muachie aongeze mwenyewe, na mpelekee faili analoweza kulirekebisha, sio PDF. Aisome kabla hajasaini, maana simu ikija atakayejibu ni yeye.

Muda nao, mpe wiki mbili kama tangazo linaruhusu. Huku kwetu kuanzia mwezi wa 10 walimu wenye mikorosho yao Newala na Tandahimba wikiendi hawapatikani mjini, na mashambani kwingine mtandao unashika ukipanda kichuguu, kwahiyo meseji yenye tiki moja siku nzima usiichukulie kwamba kakununia, piga simu. Ukikumbusha na bado kimya, nenda kwa fundi uliyefanya kwake fildi. Huyo usimuombe aseme ya darasani, muombe aseme ulivyokuwa unapokea wateja, unapima vipi, nguo ulikuwa unatoa siku uliyoahidi au mteja anarudishwa. Na mwalimu mjulishe kwamba umeshapata mtu mwingine, asije akakaa usiku anaandika barua ambayo haihitajiki tena.