Namba Zibaki kwenye Boksi

Kwa wewe unayeanza kuandika skripti za video za kufungua boksi, nitakueleza skripti moja niliyoiandika mara mbili. Bidhaa ilikuwa pawabenki ya kawaida kabisa, ya aina zinazojaa madukani Kariakoo. Mara ya kwanza niliandika hivi:

"Hii ina ujazo wa 20,000 mAh, inatoa wati 22.5, inaingiza wati 18, ina matundu mawili ya USB-A na moja la USB-C, ina uzito wa gramu 380, na ina kioo kidogo kinachoonyesha asilimia."

Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Sasa isome kwa sauti. Kwa Kiswahili, 22.5 ni "ishirini na mbili nukta tano", silabi kama kumi na mbili kwa namba moja. Ukifika kwenye uzito, msikilizaji ameshasahau ujazo. Mwenye boksi mkononi anaweza kurudia mstari. Anayesikiliza huku akipika hana pa kurudia.

Kabla sijaandika upya, kila namba niliiuliza swali moja: mtu akiijua, atafanya nini tofauti? Idadi ya matundu anaiona mwenyewe kwenye picha, kwa hiyo haihitaji kutamkwa. Wati za kuingiza zina maana moja tu nyumbani: kuijaza pawabenki yenyewe kunachukua saa nyingi, kwa hiyo "ichomeke ukienda kulala" inatosha. Zikabaki tatu za kufanyia kazi: ujazo, uzito na kasi. Zile nyingine niliziandika kwenye skrini, pembeni, zikae sekunde chache kwa anayezitaka. Usizifute kabisa, maana kuna watazamaji wanaokuja kwa ajili yake, na ndio wakali zaidi wakikosa.

Ujazo ndio ulioniumbua. Simu nyingi siku hizi zina betri ya 5,000 mAh, nami nikagawanya: 20,000 kwa 5,000 ni nne. Nikasema kwa furaha, "Inajaza simu yako mara nne." Hesabu ya darasa la tatu, na ni ya uongo. Watazamaji walionunua walijaribu wakapata pungufu, wakarudi kuniambia.

Kosa liko hapa. Ile 20,000 inahesabiwa kwenye seli zilizomo ndani, zenye volti kama 3.7. Kuchaji kwa kawaida kunatoka kwa volti 5 au zaidi, kwa hiyo saketi ya ndani inapandisha volti, na ikipandisha volti, miliampia zinashuka, huku sehemu ya umeme ikipotea kama joto. Ndiyo maana pawabenki hupata moto kidogo mkononi. Geuza boksi, soma maandishi madogo. Langu lilikuwa na namba ya pili: 12,000 mAh kwa volti 5. Hiyo ndiyo inayotoka.

Ili ulinganishe vitu viwili vyenye volti tofauti, badili kwanza kuwa wati-saa: zidisha mAh kwa volti, kisha gawa kwa 1,000. Inayotoka ni 12,000 mara 5, yaani wati-saa 60. Betri ya simu ni 5,000 mara 3.85, karibu 19. Sitini gawa kwa kumi na tisa ni tatu na kidogo, na simu nayo inapoteza yake ikichaji. Nilipojaribu kwa mkono, simu ikiwa imezimwa, ilijaa mara mbili, na ya tatu ikakwama kwenye asilimia 71.

Sasa nilikuwa na ukweli, nikautafutia sura. "Mara mbili na asilimia sabini na moja" bado ni namba. Nikaandika: "Ukienda msibani kijijini kusiko na umeme, simu yako unaijaza Ijumaa, unaijaza Jumamosi, na Jumapili inakupa zaidi ya nusu, umeshapanda basi la kurudi." Siku tatu ni kipimo ambacho kila mtu anacho kichwani. Ila linganisho hili lina masharti mawili, na lazima uyaseme: simu iwe na betri ya kadiri hiyo, na iwe ya kuchajiwa mara moja kwa siku. Mwenye kucheza gemu mchana kutwa hatafika Jumapili.

Kwa uzito, rasimu yangu ilisema "nzito kama tofali dogo". Tofali lipi? La kuchoma, la bloku? Kitu unacholinganishia lazima kiwe na kipimo kisichobadilika kutoka nyumba hadi nyumba, na ikiwezekana kiwe karibu na mtazamaji wakati huohuo. Nikaweka simu yangu kwenye mzani wa jikoni: gramu 190. Pawabenki ni 380. Basi: "Chukua hiyo simu unayonitazamia, weka nyingine kama hiyo juu yake. Huo ndio uzito." Mtu anaupima palepale bila hesabu. Simu hazilingani kabisa, najua, lakini nyingi hazitofautiani kiasi cha kuharibu picha.

Kasi ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu wati 22.5 si ahadi. Simu, waya na pawabenki vikizungumza lugha moja ya kuchaji haraka, unazipata. Kimoja kisipokubali, kasi inashuka sana. Usilinganishe wati na wati. Linganisha muda uliopima. Nilichomeka simu ikiwa asilimia 10, nikaangalia baada ya dakika 45: asilimia 58. Dakika 45 mtu wa mpira hahitaji kuelezwa. "Chomeka refa akipuliza kuanza, mapumziko yakifika umevuka nusu." Halafu ongeza palepale: "kwa waya huu uliokuja ndani ya boksi." Niliwahi kuyaacha maneno hayo saba nikaulizwa swali lilelile wiki nzima.

Namba moja haikuhitaji linganisho. Seli zile, 20,000 mara 3.7, zinatoa wati-saa 74, na mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha 100 kwa kubeba bila kibali. Hapo sema tokeo tu: "Unapanda nayo ndege, ila ikae begi la mkononi, si la kukabidhi." Ukianza kutafuta mfano wa 100, unapoteza watu.

Nilipomaliza nilikuwa na mifano mitatu na nikajizuia wa nne, wa kioo cha asilimia. Mfano ukifuata mfano, wa mwisho unaufuta wa kwanza, na unarudi kulekule kwenye orodha, safari hii yenye mapambo.

Kabla ya kurekodi, nilimsomea dada yangu akiwa anamenya viazi, na kesho yake nikamuuliza anakumbuka nini. Simu mbili alizikumbuka. Mapumziko ya mpira pia. Nikamuuliza kuhusu siku tatu za kijijini, akaacha alichokuwa anafanya: "Eti, jana ulisema nani kafariki?"

Nikabadilisha msiba ukawa harusi, Ijumaa hadi Jumapili zikabaki vilevile.